Utata wa Kiambishi -wa- katika Shukrani za Risala ya Wahitimu: Mfano wa Shule za Sekondari za Pwani ya Ziwa Viktoria, Mwanza

Ikisiri

Makala hii inachunguza sehemu moja ya risala ya wahitimu wa kidato cha nne, yaani sehemu ya shukrani kwa walimu na wazazi. Hoja yake ni kwamba risala, kwa asili yake, ni ujumbe unaoelekezwa kwa mtu mmoja ambaye ni mgeni rasmi, na kwamba kwa sababu hiyo walimu na wazazi waliomo ukumbini huelekea kusemwa badala ya kusemeshwa. Jambo hili hufichwa na kiambishi cha yambwa -wa-, ambacho katika Kiswahili sanifu hutumika kwa nafsi ya pili wingi na pia kwa nafsi ya tatu wingi. Makala inaonyesha namna ya kuutambua utata huo katika matini, inaulinganisha na jinsi shukrani inavyotolewa katika Kisukuma, na inachambua matini mbili za mfano.

1.0 Utangulizi

Katika mkoa wa Mwanza, kama ilivyo kwingineko Tanzania, mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Novemba. Wanaoitwa wahitimu siku hiyo kwa kweli hawajahitimu: bado wana mtihani mbele yao na hakuna ajuaye matokeo. Kwa hiyo mwakilishi wao anaposimama kuwashukuru walimu na wazazi hana matokeo ya kuyataja kama ushahidi. Anachoweza kukitaja ni yale yaliyotendwa katika miaka minne iliyopita, na nani aliyatenda. Ndiyo maana sarufi ya nafsi, yaani nani anasema, anasema na nani, na anasema juu ya nani, hubeba uzito mkubwa katika sehemu hii kuliko katika sehemu nyingine za risala.

Uzito huo umeongezeka katika miongo miwili iliyopita. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisogeza shule za sekondari hadi katika kata, na hivyo kuwaleta katika viwanja vya mahafali wazazi ambao wao wenyewe hawakupata kusoma sekondari: wavuvi, wachuuzi wa samaki, wakulima wa pamba na mpunga. Lugha ya kufundishia katika shule hizo ni Kiingereza. Taarifa nyingi anazopelekewa mzazi wa namna hii kutoka shuleni ni za michango, vikao na utovu wa nidhamu. Sehemu ya shukrani katika risala huenda ikawa ndiyo mara ya pekee katika miaka minne ambapo shule, kwa kinywa cha mwanafunzi, humgeukia ili kumwambia kwamba ametenda vema. Swali la makala hii ni iwapo humgeukia kweli.

2.0 Risala na mlengwa wake

Ni vema kuanza kwa kutofautisha risala na hotuba. Neno risala limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni ujumbe au barua. Katika matumizi ya Tanzania neno hili limehifadhi sifa mbili za barua. Kwanza, risala huandikwa na kusomwa. Haitolewi kwa kubuni papo hapo. Pili, ina mpelekewa mmoja anayejulikana, na kwa kawaida mpelekewa huyo ana cheo kikubwa kuliko mwenye kuipeleka. Risala za utii zinazosomwa katika mbio za Mwenge wa Uhuru ni mfano ulio wazi: husomwa mbele ya umma, lakini mlengwa wake ni Rais. Hotuba hufuata mwelekeo wa kinyume. Mgeni rasmi akisimama kuwajibu wahitimu, anachokitoa ni hotuba, na mlengwa wake ni hadhara nzima.

Risala ya wahitimu hufuata kanuni hiyo. Hufunguliwa kwa kumtaja mgeni rasmi, kisha mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule, walimu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi. Baada ya orodha hiyo, wito unaorudiwa mwanzoni mwa kila aya ni mmoja tu: Ndugu Mgeni Rasmi. Kwake ndiko kunakopelekwa historia ya darasa, mafanikio, upungufu wa madawati, maabara au maji, na maombi. Mpangilio huu una mantiki yake, kwa kuwa yeye ndiye anayetarajiwa kutoa ahadi au kuchangia.

Tatizo hujitokeza pale risala inapofika kwenye shukrani. Shukrani ni tendo linalotendwa kwa kusema. Katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, J. L. Austin alionyesha kwamba kuna vitenzi ambavyo mtu akivitamka katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo, huwa haelezi jambo bali analitenda. Kushukuru ni kimojawapo. Lakini tendo hili linahitaji mtu wa kutendewa. Anayesema "ninakushukuru" ameshukuru. Anayesema "ninamshukuru" amemweleza mtu mwingine kuhusu shukrani yake. Ikiwa mlengwa wa risala ni mgeni rasmi, je, mwakilishi anayesema "tunawashukuru wazazi wetu" amewashukuru wazazi, au amempasha habari mgeni rasmi?

3.0 Utata wa -wa-

Kiswahili sanifu hakitoi jibu katika kitenzi chenyewe. Katika viambishi vya yambwa vya watu, umoja hutofautisha nafsi ya pili na ya tatu kwa uwazi, wakati wingi hautofautishi:

(1a) Tunakushukuru. (wewe)
(1b) Tunamshukuru. (yeye)
(1c) Tunawashukuru. (ninyi au wao)

Katika kiima hakuna utata wa namna hii, kwani m- ni ya ninyi na wa- ni ya wao: mlitulea, walitulea. Utata upo katika yambwa tu, na shukrani ya risala humweka mshukuriwa hasa katika nafasi hiyo ya yambwa.

Lugha inazo njia za kuuondoa utata huu. Njia ya kwanza ni kuongeza kiambishi tamati -ni, ambacho huielekeza yambwa kwa nafsi ya pili wingi:

(2a) Tunawashukuruni. (ninyi tu)
(2b) Tunakushukuruni. (ninyi tu)

Umbo la (2b), lenye -ku- pamoja na -ni, husikika zaidi katika Kiswahili cha pwani na visiwani. Msomaji wa Mwanza akilitumia ataeleweka, lakini lile la (2a) liko karibu zaidi na usemi wake wa kila siku.

Njia ya pili ni kuongeza neno linalobeba alama ya nafsi, hasa kimilikishi. "Tunawashukuru kwa malezi yenu" ni ya nafsi ya pili. "Tunawashukuru kwa malezi yao" ni ya nafsi ya tatu. Ieleweke kwamba kimilikishi -etu katika "wazazi wetu" hakisaidii. Kinaonyesha uhusiano na msemaji, na kinaweza kuandamana na wito au na utajo wa nafsi ya tatu.

Kwa hiyo anayechambua risala anaweza kufuata hatua tatu. Kwanza, atafute wito wa mwisho uliotangulia sentensi ya shukrani. Pili, aitambue kila -wa- ya yambwa. Tatu, asome mbele mpaka akutane na alama ya kwanza inayolazimisha nafsi: -ni, -enu, -ao, au kiima cha kitenzi kinachofuata. Alama hiyo huamua nafsi ya -wa- iliyotangulia. Kama hakuna alama yoyote mpaka mwisho wa aya, basi wito wa mwisho ndio unaotawala, na katika risala wito huo kwa kawaida ni wa mgeni rasmi.

Inafaa kutaja hapa kaida mbili za risala zinazouzidisha utata. Moja ni ya kutumia "tunapenda" au "tungependa" kabla ya kitenzi cha kushukuru. Kaida hii ni ya adabu, lakini tendo la shukrani huwa limeahidiwa bila kutekelezwa. Nyingine ni muundo wa "shukrani zetu ziwaendee walimu". Hapa hata mshukuru ameondolewa katika kiima. Shukrani zenyewe ndizo zinazotembea, na wanaoendewa wamebaki katika -wa- ileile yenye utata.

4.0 Asante, wabeja na shukuru

Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hautokei sana, kwa sababu mara nyingi watu hawashukuriani kwa kutumia kitenzi shukuru. Husema asante. Neno hili nalo lina asili ya Kiarabu, na umbo lake la asili, ahsanta, ni kitenzi kilichonyambuliwa katika nafsi ya pili: umetenda vema. Kiarabu kina maumbo mengine kwa mwanamke na kwa wengi. Kiswahili kilichukua umbo moja, kikasahau kwamba ni kitenzi, kisha kikalitengenezea wingi kwa kiambishi chake chenyewe: asanteni. Kwa asili yake, basi, asante haimtaji anayeshukuru hata kidogo. Humtaja aliyetenda, na humtaja kwa kumwelekea.

Wazazi wengi wa mkoa wa Mwanza wana muundo kama huo katika lugha yao ya kwanza. Msukuma humshukuru mtu mmoja kwa kusema wabeja, na zaidi ya mmoja kwa kusema mwabeja. Neno hili ni kitenzi chenye maana ya kutenda vema, na mwanzo wake hubeba kiima cha nafsi ya pili, umoja katika umbo la kwanza na wingi katika umbo la pili. Mshukuriwa ndiye kiima, ndiye mtenda. Kwa kuwa alama yake ipo katika kiima, hakuna nafasi ya kumchanganya na asiyekuwapo. Mzazi aliyelelewa katika lugha hii amezoea shukrani ambayo ndani yake yeye husikika akiwa mtenda.

Sasa katika risala mwakilishi huacha asante, kwa kuwa huiona ni ya mitaani, na kuchukua shukuru, ambayo huiona ina hadhi. Kisarufi, badiliko hilo hugeuza uhusiano mzima. Mtenda sasa ni sisi wahitimu. Mzazi ameondoka katika kiima na kuingia katika yambwa. Na yambwa hiyo ni -wa-, isiyosema kama anasemeshwa au anasemwa. Kwa maneno mengine, urasimi umepatikana kwa gharama ya nafsi ya pili. Hakuna sababu ya kisarufi inayolazimu gharama hiyo kulipwa. Asanteni ni neno la Kiswahili sanifu, na likitanguliwa na wito unaostahili halipungukiwi na heshima.

5.0 Uchambuzi wa matini mbili

Matini zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu kwa kufuata kaida zilizozoeleka. Ya kwanza ni hii:

(3) Ndugu Mgeni Rasmi, kwa namna ya pekee tunapenda kuwashukuru walimu wetu kwa kutufundisha kwa moyo bila kuchoka. Aidha, tunawashukuru wazazi wetu kwa malezi bora na kwa kutulipia ada kwa wakati. Mwisho lakini si kwa umuhimu, shukrani zetu ziwaendee wote waliotusaidia kwa namna moja au nyingine.

Wito ni mmoja na ni wa mgeni rasmi. Kuna -wa- tatu za yambwa: kuwashukuru, tunawashukuru, ziwaendee. Tukisoma mbele, alama ya kwanza ya nafsi inayopatikana ni kiima cha "waliotusaidia", nacho ni cha nafsi ya tatu. Hakuna -ni, hakuna -enu, wala hakuna kiima cha m-. Kwa vipimo vilivyoelezwa hapo juu, aya nzima ni taarifa kwa mgeni rasmi kwamba wahitimu wana shukrani. Wazazi wameisikia kama wanavyosikia habari za upungufu wa madawati.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia. Usemi "mwisho lakini si kwa umuhimu" umetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na mzazi asiyekijua Kiingereza hupata maana yake kwa shida. Kwa muundo wake unaweza hata kueleweka kwamba wanaotajwa hawana umuhimu. La pili ni ada. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwakilishi wa shule ya kata anayenakili risala ya miaka ya nyuma humshukuru mzazi kwa jambo ambalo hakulitenda, na kuyaacha yale aliyoyatenda: sare, daftari, michango, nauli, na chakula. Kosa hili si la sarufi, lakini lina uhusiano na sarufi. Shukrani isiyomwelekea mtu haimlazimishi msemaji kukumbuka kile ambacho mtu huyo alikifanya.

Matini ya pili ina maudhui yaleyale, lakini imebadilishwa nafsi:

(4) Ndugu Mgeni Rasmi, kwa idhini yako tunaomba kuwageukia walimu na wazazi wetu. Walimu wetu, mmetufundisha mpaka jioni, na tulipokosea mmetusahihisha bila kutuaibisha. Asanteni. Wazazi wetu, mpo mnaotoka ziwani alfajiri na mpo mnaotoka shambani jioni. Siku za mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, mlikopa ili tusikose daftari. Mvua ilipochelewa mlipunguza sahani zenu kabla ya zetu. Tunawashukuruni. Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunarejea kwako.

Sentensi ya kwanza bado ni ya mgeni rasmi, na -wa- ya "kuwageukia" ni ya nafsi ya tatu bila shaka, kwa kuwa mwenye kuombwa idhini ni yeye. Kisha unakuja wito mpya, "walimu wetu", na kiima cha m- katika "mmetufundisha" kinathibitisha mara moja kwamba nafsi imebadilika. Katika sehemu ya wazazi, mgeuko huo unashikiliwa na viima vya m-, na "sahani zenu", na hatimaye -ni ya "tunawashukuruni". Wazazi ndio watenda wa vitenzi vingi. Kitenzi cha shukrani kimekuja mwisho, baada ya kazi yao kutajwa. Muundo huu, ingawa umo katika Kiswahili rasmi, unakaribia ule wa mwabeja.

Kuna nukta moja ya kisarufi inayostahili uangalifu. Darasa halina wazazi wa aina moja, na mwakilishi husema kwa niaba ya wote. Akitaja dagaa peke yake, mtoto wa mkulima wa pamba ameachwa nje. Njia ya kawaida ya kugawa ni kusema "wapo miongoni mwenu wanaotoka ziwani", lakini hapo viima vya wa- vimerudisha nafsi ya tatu kwa mlango wa nyuma, ingawa "mwenu" imebaki. Umbo "mpo mnaotoka" linagawa kundi bila kuiacha nafsi ya pili. Msomaji asiyekuwa mwangalifu huteleza hapa kwa urahisi.

6.0 Pingamizi la adabu

Inaweza kupingwa kwamba nafsi ya tatu katika risala ni adabu. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi za Waswahili na za Wabantu wa bara mdogo hujizuia kumwambia mkubwa "wewe" bila kitangulizi. Mwanafunzi anayemwuliza mwalimu wake "Mwalimu ataingia darasani?" hakosei, amemtaja mwalimu katika nafsi ya tatu kwa heshima, huku amemsimamia mbele. Kwa hali hiyo "tunawashukuru walimu wetu kwa uvumilivu wao" yaweza kuwa ni usemeshaji uliofunikwa.

Pingamizi hili lina nguvu, nalo linaonyesha mpaka wa uchambuzi wa matini iliyoandikwa. Ukumbini, msomaji anaweza kugeuza uso na mwili kuwaelekea wazazi, akapunguza sauti, na -wa- ikapata nafsi yake kutokana na macho. Karatasi haionyeshi hayo. Hata hivyo mambo mawili yasisahauliwe. Kwanza, mtu anayesoma risala ana macho yake kwenye karatasi, na mgeni rasmi huketi meza kuu wakati wazazi huketi mbali. Ishara za mwili ni chache kuliko katika mazungumzo ya darasani. Pili, adabu ya Kiswahili haikatazi nafsi ya pili. Inachokitaka ni itanguliwe na jina la heshima. "Wazazi wetu, mmetulea" ina heshima yote ambayo "wazazi wetu wametulea" inayo, na zaidi ya hapo inawafikia. Vilevile kuomba idhini ya mgeni rasmi kabla ya kuwageukia wengine, na kurejea kwake baadaye, hulinda hadhi yake kama mpelekewa wa risala.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba udhaifu unaosikika mara nyingi katika shukrani za risala, ambao huelezwa kijumla kuwa ni ukavu au kukariri, una chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole katika sarufi. Risala ni ujumbe wenye mlengwa mmoja. Kitenzi shukuru humweka mshukuriwa katika yambwa. Na yambwa ya wingi, -wa-, haitofautishi ninyi na wao. Mambo hayo matatu yakikutana, mzazi aliyevuka maji au kutembea kutoka shambani ili kuhudhuria hujikuta akisikiliza habari zake zikipelekwa kwa mtu mwingine.

Tiba yake ni ndogo: wito mpya, kiima cha m-, kimilikishi -enu, na -ni mwishoni mwa kitenzi. Mwalimu wa Kiswahili anayepewa risala kuipitia kabla ya mahafali anaweza kupigia mstari kila -wa- ya yambwa na kumwuliza mwandishi: hawa ni akina nani, ninyi au wao? Swali hilo halihitaji kitabu cha sarufi. Linahitaji tu mwanafunzi akumbuke ni nani watakaokuwa wameketi mbele yake siku hiyo.